Noti Tatu Mezani: Mchezo wa Noti Nyeusi na Dawa ya Kuosha Pesa

Mabibi na mabwana, ndugu zetu mlioitikia wito wa leo, asanteni kwa kufika. Tumeombwa tuzungumzie pesa zinazosemekana kuoshwa kwa dawa na pesa zinazosemekana kuzaa pesa nyingine. Mambo ni mengi, lakini leo tutakaa kwenye meza moja tu: meza ambayo mtu anaonyeshwa karatasi tatu nyeusi, zinaoshwa mbele ya macho yake, na zinatoka noti tatu za dola 100. Anazipeleka benki na benki inamwambia ni halali. Kuanzia hapo moyo wake umeshafunga mkataba, hata kama mdomo bado unasitasita.

Tunaanzia hapo kwa sababu wengi wanaoonya watu husema tu, “Msikubali, noti hizo ni bandia.” Maneno hayo humwacha mtu wazi kabisa siku anapokutana na noti ambazo si bandia. Noti tatu zile ni za kweli. Zimetoka mfukoni mwa tapeli mwenyewe, naye anazitoa kama mvuvi anavyotoa chambo. Kwa hiyo benki ikizikubali, benki haijakosea. Swali analopaswa kujiuliza mtu ni hili: zile karatasi nyingine zilizobaki ndani ya sanduku, zina nini?

Tutazame kwanza hadithi inayotangulia maonyesho. Huwa na sura mbalimbali. Mara ni fedha za msaada zilizopakwa rangi nyeusi ili zisiibwe njiani. Mara ni hazina ya kiongozi aliyeanguka, iliyofichwa rangi ili ipite forodhani. Mara ni noti zilizotolewa kwenye mzunguko na kutiwa wino badala ya kuchomwa. Hadithi zote zina kazi moja, nayo ni kueleza kwa nini pesa zipo lakini hazionekani, na kwa nini mwenyewe hawezi kwenda nazo benki.

Hakuna benki kuu wala shirika linalosafirisha noti kwa kuzipaka rangi nyeusi ili zije zisafishwe baadaye. Rangi hutumika kwa kusudi lililo kinyume kabisa. Ziko pakiti za wino zinazowekwa ndani ya mabunda ya noti benki, na ziko mashine za kutolea pesa zenye wino ndani, ili jambazi akiiba, noti zichafuke na asiweze kuzitumia. Wino huo, ambao mara nyingi ni mwekundu, unatakiwa usitoke. Noti zilizoharibika kwa njia halali, kama zilizoungua, kuoza au kuliwa na mchwa, zina mahali pake pa kwenda. Kwa dola za Marekani, ofisi ya serikali yao inayochapa noti, Bureau of Engraving and Printing, huzipokea, huzikagua kipande kwa kipande na kuzilipia bila kumtoza mwenyewe hata senti. Kwa hiyo mtu mwenye noti halisi zilizoharibika hahitaji mbia wala chupa ya dawa.

Sasa turudi mezani.

Noti ya maonyesho hutayarishwa mapema. Hupakwa gundi nyeupe ya kawaida, gundi hukauka na kuwa kama ngozi nyembamba juu ya noti, kisha noti hutiwa kwenye iodini, ile dawa ya kahawia inayopakwa kwenye vidonda. Gundi hushika rangi na noti inakuwa nyeusi. Gundi ni ya lazima, maana karatasi ya dola ni ya nyuzi za pamba asilimia 75 na kitani asilimia 25, na haina wanga. Iodini huwa nyeusi inapokutana na wanga, au na gundi za aina fulani. Kwenye noti tupu ingeacha doa hafifu la njano tu. Ndivyo zinavyofanya kazi zile kalamu za kukagulia noti: ndani yake mna iodini, na mstari ukiwa mweusi maana yake karatasi ina wanga, yaani ni karatasi ya kawaida. (Kalamu hizo zenyewe hudanganyika kwa urahisi, basi msizitegemee peke yake.)

Na “dawa” ya kuosha? Ni vitamini C, iliyosagwa na kuyeyushwa kwenye maji. Basi. Majina yanayoandikwa kwenye chupa huwa mengi na mazito, yenye herufi kubwa na namba, na mengine yanataja zebaki nyekundu, kitu ambacho hakijawahi kuthibitishwa kuwapo popote. Kinachofanyika majini ni kemia halisi, tena ya darasani. Vitamini C huipa iodini elektroni, na iodini yenye rangi hugeuka kuwa aina nyingine ya iodini isiyo na rangi:

C6H8O6 + I2 → C6H6O6 + 2HI

Jambo hili unaweza kulithibitisha mwenyewe. Chukua glasi ya maji, tia kijiko kimoja cha maji yenye wanga, kisha matone 5 ya iodini ya dukani ya asilimia 2. Maji yatageuka bluu nzito inayokaribia weusi. Saga kidonge kimoja cha vitamini C cha miligramu 500, kimimine ndani, koroga. Weusi unatoweka papo hapo. Ukimaliza, mwaga na uoshe glasi vizuri, maana haifai kunywewa, na angalia isidondokee nguo kwa sababu iodini inaacha doa.

Tupige hesabu kidogo, kwa sababu hesabu hii ndiyo inayovunja mguu wa pili wa utapeli. Matone 5 ni kama robo mililita, na ndani yake mna takriban miligramu 5 za iodini. Kuzifuta kunahitaji miligramu 3.5 hivi za vitamini C. Kidonge chako kina miligramu 500, yaani zaidi ya mara 140 ya kiasi kilichohitajika. Tapeli akikwambia dawa imekwisha, ni adimu, inatoka maabara ya mbali, na inauzwa kwa maelfu ya dola kwa chupa, kumbuka kidonge kile kimoja ambacho hakijamalizika hata sehemu yake ya mia.

Mtu makini atauliza: basi kama dawa ni rahisi hivyo, kwa nini tusinunue vidonge tukaosha sanduku zima sisi wenyewe?

Kwa sababu sanduku zima halina noti. Lina karatasi nyeusi ya kawaida ya kazi za mikono, iliyokatwa kwa vipimo vya noti, milimita 156 kwa 66. Weusi wa karatasi hiyo unatokana na rangi za kiwandani, na mara nyingi na masizi ya kaboni, ambayo vitamini C haiwezi kuyagusa. Ukitumia kitu kikali zaidi, kama dawa ya kung’arisha nguo, rangi ya kiwandani inaweza kufifia na utabaki na karatasi tupu yenye kijivujivu. Kuosha kunaondoa kilicho juu na kuonyesha kilicho chini, na hakuna dawa inayoweza kuonyesha mchoro ambao haukuwahi kuchapwa. Noti iliyotoka safi ilikuwa noti kabla haijapakwa.

Lakini mlengwa alichagua mwenyewe! Hapa ndipo watu wengi hukwama, wakasema, “Mimi nilichomoa karatasi katikati ya bunda kwa mkono wangu.” Ni kweli. Alichomoa. Na karatasi ile haikuoshwa kamwe. Kati ya mkono wake na noti iliyotoka majini, karatasi ilipita kwenye mkono wa mtu mwingine, na kile kilichoitwa sehemu ya kitaalamu kilikuwa kiinimacho. Kuna nafasi tatu zinazotumika sana. Ya kwanza ni pale karatasi inapofunikwa kwa karatasi ya aluminiamu au kitambaa “ili hewa isiingie”. Ya pili ni beseni lenyewe, ambalo maji yake tayari ni meusi au yana povu, na noti iliyotayarishwa imelala chini inasubiri. Ya tatu ni pale mlengwa anapoombwa kufanya kitu kidogo, kama kusogeza taa, kuvaa glavu au kufungua dirisha kwa sababu ya harufu. Sekunde 2 zinatosha. Mtu haangalii mikono ya tapeli wakati ameelekezwa kuangalia mikono yake mwenyewe.

Ukitaka kujua kama uko mezani pa watu hawa, vipo vipimo ambavyo havihitaji hata kuigusa dawa. Kimoja ni uzito. Noti ya dola ina uzito wa takriban gramu 1. Dola 1,000,000 kwa noti za 100 ni noti 10,000, ambazo ni kilo 10. Ukizipanga safu moja zinafika kimo cha mita moja na zaidi kidogo, kwa kuwa noti 100 zina unene wa sentimita 1.1 hivi. Sasa mtu anakuonyesha sanduku analoliinua kwa mkono mmoja akisema lina dola 10,000,000. Hizo ni kilo 100. Ukimuuliza, utasikia maelezo kuhusu noti maalumu nyepesi.

Kipimo kingine ni karatasi yenyewe. Noti ya dola 100 ina uzi wa plastiki uliozama ndani ya karatasi, unaoonekana ukiielekeza kwenye mwanga na unaong’aa waridi chini ya taa ya urujuanimno. Toleo lililoanza kutolewa tarehe 8 Oktoba 2013 lina pia utepe wa bluu uliosukwa ndani ya karatasi. Uzi na utepe si gundi wala wino, na kupakwa rangi hakuviondoi. Karatasi ya kazi za mikono ukiichana haina kitu ndani, ni nyuzi fupi za mti zinazoachia manyoya pembezoni. Ndiyo maana kuchana ni marufuku mezani pale. Utaambiwa karatasi ikiguswa kabla ya dawa italipuka, au itaoza, au rangi itaganda milele.

Tunasema haya mjue jinsi ya kutambua. Hatusemi mkawajaribu. Mtu akishagundua, asianze kubishana wala kuwaonyesha kuwa amewajua. Meza hizi huwekwa kwenye chumba cha hoteli au nyumba ya kupanga, walengwa huwa wamebeba pesa taslimu, na watu waliopanga kuiba kwa hila hawashindwi kuiba kwa nguvu. Kumbuka una miadi mahali pengine, ondoka.

Sasa tufuate kisa kimoja hadi mwisho, kwa takwimu za mfano, tuone pesa zinapita wapi.

Sanduku lina “dola 1,000,000”. Maonyesho yamefanyika, noti 3 zimetoka, benki imezikubali. Mlengwa anaahidiwa asilimia 40, yaani dola 400,000. Kisha chupa inaonekana imeganda au imekauka, na inahitajika nyingine ya dola 5,000. Analipa. Hapa tapeli ametumia dola 300 kama chambo na amepata 5,000. Wengine huishia hapo. Wengine huendelea: dawa imefika lakini lazima ipitie forodha, kwa dola 3,000 nyingine. Halafu anahitajika mtaalamu wa maabara.

Hatua kubwa huja baada ya hapo, na ndiyo inayounganisha kuosha na kuzalisha. Mlengwa anaambiwa kwamba dawa hii haifanyi kazi bila noti safi. Kila noti nyeusi inatakiwa ilalie noti safi, ili rangi ihamie au “chapa” ishike. Analeta noti zake mwenyewe, tuseme 200, ambazo ni dola 20,000. Mbele ya macho yake zinapangwa moja nyeusi, moja safi, zinanyunyiziwa unga, zinafungwa kwa karatasi ya aluminiamu na utepe wa gundi mara nyingi, na furushi linawekwa kwenye jokofu au chini ya kitu kizito. Anaambiwa alilinde furushi hilo kwa saa 24, au 72, na ufunguo wa chumba anapewa yeye. Anajiona salama, kwa kuwa mali iko kwake. Kilicho kwake ni furushi la pili lililotayarishwa mapema, lenye ukubwa na uzito uleule, na karatasi nyeusi tupu ndani. La kwanza limeshaondoka chini ya meza au ndani ya mfuko.

Muda wa kusubiri ni muda wa kukimbia. Hauna kazi nyingine. Mwanzoni mwa karne iliyopita, tapeli maarufu Victor Lustig, aliyefariki mwaka 1947, aliuza sanduku lililodaiwa kunakili noti. Alikuwa ameficha noti halisi ndani, na alidai kila nakala inachukua saa 6. Mnunuzi alikaa akihesabu saa, na noti chache zilipokwisha kutoka, Lustig alikuwa mbali. Sanduku limegeuka kuwa furushi la aluminiamu, lakini saa bado ni ileile.

Na mlengwa akishindwa kuvumilia akafungua mapema? Hilo limeshapangwa. Simu inapigwa, tapeli analia kuliko yeye: “Umefungua kabla ya wakati! Mwanga umeingia, umeunguza noti zote!” Kosa linahamia kwa aliyeibiwa, na mara nyingine analipishwa tena dawa ya kuokoa zilizoungua.

Kuhusu kuzaa kwa noti, tuseme maneno machache tu, yanatosha. Sura inayoonekana kwenye mwanga, iitwayo alama ya maji, hutengenezwa karatasi ikiwa bado ni rojo bichi, kwa kutofautisha unene wake. Haihami kwenda karatasi nyingine, iwe kwa unga au kwa joto. Wino wa mwinuko unaouhisi kwa kidole hushindiliwa na mashine kwa mgandamizo mkubwa. Na hata tukubali muujiza kwamba kila kitu kimehama, namba ya noti ingehama pia, na mngekuwa na noti mbili zenye namba moja, ambazo moja kati yake ni ya kughushi. Muulize anayedai kuzalisha: noti ya pili ilipewa namba na nani?

Baadhi yenu huenda limewafika, au limemfika ndugu. Tunajua kinachofunga midomo. Mtu anahisi na yeye ni mshiriki, maana aliambiwa pesa ni za siri naye akakubali. Hofu hiyo imewekwa kwa makusudi, ni sehemu ya kifaa kama ilivyo gundi. Tunawaomba mtoe taarifa hata hivyo, na kama una wasiwasi na nafasi yako kisheria, tafuta wakili akusindikize.

Kama ulilipa kwa benki au kwa simu, wapigie kwanza hao, ndani ya dakika na si ndani ya siku, kwa sababu pesa ikishatolewa taslimu upande wa pili hakuna cha kuzuia. Usifute ujumbe hata mmoja. Karatasi nyeusi, foili na utepe wa gundi usivitupe kwa hasira. Vishike kwa pembe, uvitie kwenye bahasha ya karatasi, si mfuko wa plastiki, kwa kuwa unyevu unaharibu alama za vidole. Upande wa ndani wa utepe wa gundi ndio mara nyingi unaozihifadhi vizuri. Chupa usizifungue wala kuzinusa. Nyingi ni maji ya rangi, lakini nyingine hutiwa amonia au asidi ili harufu itishe, na hizo zinaunguza macho na mapafu. Ziache wima, mahali penye hewa, mbali na watoto, na uwaambie polisi zilipo.

Halafu, baada ya wiki chache, tarajia simu nyingine. Atakuwa mtu mwenye sauti ya ofisi, mpelelezi au wakili, atakayekuambia wamekamatwa na fedha zako zimepatikana, na kwamba unadaiwa ada ndogo ili ziachiwe. Atajua kiasi ulichopoteza hadi senti, na atajua jina ulilotumia hotelini. Habari hizo hazimo kwenye jalada lolote kama hujatoa taarifa. Anazijua kwa sababu yeye, au aliyemuuzia namba yako, alikuwepo mezani.